Tanga: Baiskeli ya umeme, muuzaji anasema 48V 20Ah, wati 1000, kilomita 80. Picha inasemaje?

Mgosi_Mabawa
Wagosi na wadau wengine, habari za mchana. Naomba macho yenu kabla sijatoa hela.

Naishi Mabawa, kibarua changu kiko Pongwe. Kwenda na kurudi ni kilomita 28, nimepima kwa mita ya pikipiki ya shemeji. Nauli na kusubiri gari vimenichosha. Sasa kuna kijana Ngamiani anauza baiskeli ya umeme iliyotumika, anataka laki sita na nusu. Maneno yake ni haya: betri ni lithiamu, 48V 20Ah, mota ni wati 1000, ukijaza chaji mara moja unakwenda kilomita 80. Anasema kuchaji kunachukua saa saba mpaka nane, analala nayo kwenye umeme asubuhi imejaa.

Nimeweka picha tatu. Ya kwanza ni baiskeli yenyewe kwa ubavu. Ya pili ni stika ya chaja, imekwaruzika kidogo. Ya tatu nilipiga chini ya kiti alipofungua, kuna kisanduku cha bati chenye nyaya nyingi. Box la betri chini ya miguu limefungwa kwa skurubu, hakutaka kulifungua.

Mie sijui umeme. Nataka kujua kama itanipeleka Pongwe na kunirudisha.

Kaka_Mkwakwani
Hiyo chukua, mgosi. Angalia gurudumu la nyuma halina spoku, mota imejaa rimu nzima. Mota ya namna hiyo haiwi chini ya wati 1000. Halafu chaja naona imeandikwa 58 na kitu. Betri kavu za volti 48 zinachajiwa kwa 48, kwa hiyo hiyo 58 ni lithiamu tu. Laki sita na nusu kwa lithiamu ya 20 ni bei ya kuokota.

Fundi_Nyaya
Mgosi, usitoe hela leo. Nimezikuza picha zote tatu, na zinasema mambo tofauti na muuzaji. Nakwenda moja moja, nivumilieni.

Naanza na picha ya kwanza. Umepiga kwa ubavu ulionyooka, na hiyo imenisaidia sana kwa sababu naweza kuitumia kama rula. Kwenye tairi la nyuma nasoma "x2.50", mbele yake pana tope. Baiskeli za umbo hili mara nyingi ni 14x2.50, na tairi hilo kutoka juu mpaka chini lina kama sentimita 38. Kwenye picha gurudumu lina pikseli 190, kwa hiyo kila pikseli ni milimita 2. Nikapima box la betri: urefu pikseli 205, yaani sentimita 41, na kimo pikseli 58, yaani sentimita 11 na nusu hivi. Upana hauonekani kwa ubavu, lakini ukitazama mahali pa kuweka miguu hauwezi kuzidi sentimita 18 au 20.

Sasa betri kavu za baiskeli zina vipimo vinavyojulikana, viwanda karibu vyote vinafuata. Ile ya volti 12 ampea 12 ina urefu wa milimita 151, upana 99 na kimo kama 98. Panga nne kwa mstari, upana ukifuata upana: unapata sentimita 40 kwa 15 kwa 10. Linganisha na box. Zinaingia kama zilivyoumbiwa humo. Ile ya ampea 20 ni 181 kwa 77 kwa 170. Ukiisimamisha, sentimita 17 haziingii kwenye box la sentimita 11. Ukizilaza nne, unahitaji upana wa sentimita 34, au urefu wa 68. Hakuna nafasi hiyo. Kwa hiyo kama ndani ni betri kavu, ni za 12, si za 20.

Kaka_Mkwakwani
Lakini mbona unahesabu betri kavu wakati kijana kasema lithiamu? Lithiamu ya 20 ni ndogo, inaingia humo na nafasi inabaki.

Fundi_Nyaya
Hapo uko sawa, box peke yake haliikatai lithiamu. Ndiyo maana nikaenda picha ya pili.

Kwanza nirekebishe hilo la 58. Betri ya volti 12 ikiwa inajaa inapandishwa mpaka karibu 14.7. Nne kwa mpangilio ni 58.8. Chaja ya betri kavu za volti 48 lazima itoe 58 au 59 na zaidi kidogo, ikitoa 48 haitaingiza kitu. Lithiamu ya kawaida ya volti 48, ile ya seli 13, chaja yake imeandikwa 54.6. Kwa hiyo 58 inaelekea betri kavu kuliko lithiamu.

Halafu soma mstari uleule mbele: "1.8A". Hiyo ndiyo namba niliyoipenda kuliko zote. Kijana mwenyewe kakwambia chaji inajaa kwa saa saba mpaka nane. Ampea 1.8 kwa saa saba ni 12.6, kwa saa nane ni 14.4. Mwishoni chaja inapunguza yenyewe, na sehemu nyingine inapotea kwa joto. Kilichoingia ni kama 12. Betri ya 20 kwa chaja hiyo ingetaka saa 11 na zaidi. Iwe lithiamu, iwe betri kavu, ampea 20 hazijai kwa saa hizo. Labda awe anachaji ikiwa bado nusu, na hilo umuulize.

Mgosi_Mabawa
Nimempigia sasa hivi. Anasema huwa anaitumia mpaka taa ya mwisho ndipo anachaji.

Jirani_wa_Sahare
Fundi, ngoja kidogo kwenye 58. Mimi natumia lithiamu za chuma na fosfeti kwenye sola ya nyumbani. Seli 16 za aina hiyo chaja yake ni 58.4. Kwenye picha ile namba ya mwisho imekwaruzwa, mimi naona kama 4, wewe unaweza kuona 8. Zote zipo duniani. Kwa hiyo kwa chaja pekee huwezi kumkatalia kijana kwamba si lithiamu.

Fundi_Nyaya
Kweli kabisa, na nashukuru umeisema. Mimi nimezoea kukuta betri kavu kwenye maumbo haya, macho yangu yakaona 8. Nimerudi kwenye picha, mkwaruzo umepita katikati ya tarakimu, siwezi kuapa. Tuseme hivi: ukubwa wa betri nina uhakika nao, ni karibu na 12. Aina yake bado.

Kuna dalili nyingine kwenye picha ya tatu, kile kisanduku cha bati. Hiyo ni kontrola. Stika yake inasomeka: 48V 350W, chini yake 17±1A, halafu 42±0.5V. Hiyo 42 ni volti ambayo kontrola inakata mota ili betri isiuawe. Gawa kwa nne unapata 10.5, mstari wa mwisho wa betri ya volti 12. Waliotengeneza hii baiskeli walikuwa na betri kavu nne kichwani. Mtu anaweza kuwa amebadilisha betri baadaye akaacha kontrola, kwa hiyo hii nayo ni dalili, haijawa ushahidi.

Na hapohapo ndipo wati 1000 zilipozaliwa. Kontrola haipitishi zaidi ya ampea 17. Zidisha kwa volti 48, unapata wati 816. Huo ni mvuto wa kuondokea, sekunde chache. Kazi ya kudumu ni 350 kama ilivyoandikwa. Muuzaji anachukua ile ya kuondokea, anaizungusha juu mpaka 1000. Kaka wa Mkwakwani, ukubwa wa mota usikudanganye: hizi za rimu ya kumwagwa, bila spoku, ziko za 350 na ziko za 1000, na kwa ubavu zinafanana. Tofauti kubwa iko kwenye upana wa sumaku ndani, ambao picha haiuoni. Kinachobana nguvu ni kontrola.

Kaka_Mkwakwani
Sawa kwa wati. Lakini hiyo mota ni ya gia au haina gia? Maana za gia zinapanda mlima vizuri.

Fundi_Nyaya
Haina gia. Mota ya gia ndani ya gurudumu huwa ndogo, kama kopo, na spoku zinatoka kwake kwenda kwenye rimu. Hii ganda lake ndilo rimu. Nyaya tatu nene na kifungu cha nyembamba zinazotoka kwenye ekseli zinasema haina kaboni za kubadilisha. Ukifika, nyanyua gurudumu, zima umeme, zungusha nyuma na mbele kwa mkono. Isiyo na gia utaisikia inashikashika kidogo kwa sumaku pande zote mbili. Ya gia inakwenda mbele kwa wepesi na kurudi nyuma kwa uzito. Kwa njia yako ya Pongwe hili halina shida.

Bi_Makorora
Samahanini wanangu, naona hapa pana mafundi. Mie nina baiskeli ya umeme ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele, imeandikwa Panasonic, betri yake 25.2V 12Ah. Nikiiwasha haisogei mpaka nipige pedeli. Fundi wa mtaani kaniambia mota imekufa, ninunue chaja kubwa ya volti 48 kama hiyo ya picha ili ipate nguvu. Nifanye hivyo?

Fundi_Nyaya
Shikamoo bibi. Tafadhali usiichomeke chaja hiyo, utaiunguza betri na inaweza kuwaka moto. Baiskeli yako haijafa. Za Kijapani zimetengenezwa zikusaidie unapopiga pedeli tu, sheria ya kwao ndiyo inavyotaka, na msaada unakoma ukifika kilomita 24 kwa saa. Mota yako iko katikati, karibu na pedeli, wala haiko kwenye gurudumu. Ukipiga pedeli ukasikia inakusukuma, ni nzima. Tumia kitako chake cha kuchajia kilekile kilichokuja nayo.

Bi_Makorora
Marahaba mwanangu. Inanisukuma vizuri sana. Basi nilitaka kupoteza hela.

Mgosi_Mabawa
Fundi, tukirudi kwangu. Tuseme ni 12 kweli. Pongwe nafika?

Fundi_Nyaya
Volti 48 mara ampea 12 ni wati-saa 576. Hiyo ndiyo mfuko wako wote, ukiwa mpya. Baiskeli ya namna hii ikiwa na mtu mzima mmoja, barabara tambarare ya lami, mwendo wa 25 hivi kwa saa, kwa uzoefu wangu inakula wati-saa 15 mpaka 18 kwa kilomita. Ukivuta mpaka mwisho inakula zaidi, na upepo wa mbele unauona moja kwa moja kwenye taa za chaji. Kwa hesabu hiyo betri mpya inakupa kilomita 32 mpaka 38. Hizi zimetumika, na betri kavu ikizeeka kinachobaki kinaweza kuwa nusu. Bila kuipima ningesema kati ya 15 na 22.

Halafu tazama zile 80. Hata ingekuwa kweli ni ya 20, ungekuwa na wati-saa 960. Gawa kwa 80, unapata 12 kwa kilomita. Hiyo ni kwenda polepole kama mtu anayesindikiza mgeni, bila kusimama. Kwa mwendo wako wa kwenda kazini haipo.

Cha kufanya: mwambie afungue box mbele yako. Akikataa, angalau shika fremu uinyanyue sehemu ya katikati. Betri kavu nne za 12 zina kama kilo 16. Lithiamu ya ukubwa huo haifiki hata nusu ya hapo. Nenda na multimita.

Mgosi_Mabawa
Nimerudi toka Ngamiani, nimekwenda na mpwa wangu anayesoma ufundi umeme. Kijana kakubali kufungua, na nimhurumie, alishangaa kuliko sisi. Yeye mwenyewe aliuziwa kwa maneno hayohayo.

Ndani mna betri nne nyeusi zimepangwa mstari mmoja. Kila moja imeandikwa 6-DZF-12. Tairi tulifuta tope, ni 14x2.50.

Tulipima ikiwa imejaa na imepumzika: 13.1, 13.1, 13.2 na 13.0. Jumla 52.4. Mpwa akasema ziko vizuri zote.

Jirani_wa_Sahare
Basi mimi naondoa hoja yangu ya fosfeti. Hiyo 6 mbele ni vyumba sita vya volti mbili mbili, na 12 ya mwisho ni ampea. Betri kavu halisi.

Fundi_Nyaya
Mgosi, vipimo vya betri iliyopumzika havikuambii kitu kikubwa. Betri iliyochoka inaonyesha 13 vilevile, kama mgonjwa aliyekaa kwenye kiti. Lazima uipime ikiwa inavuta. Kunyanyua gurudumu na kuzungusha hewani hakusaidii, mota haina mzigo hapo. Mpakie mpwa wako nyuma ashike multimita kwa nyaya ndefu, wewe ondoka kwa kuvuta mkono wote, asome namba ya chini kabisa. Rudia mara nne, kila betri kwa zamu yake, barabara ileile. Fanyeni hivyo baada ya kuitembeza kilomita kadhaa, isiwe imejaa. Funga nyaya vizuri zisigusane, hizo zikigusana zinayeyusha chuma.

Mgosi_Mabawa
Tumefanya leo jioni, barabara ya kwenda Raskazone, baada ya kuizungusha kama kilomita 8. Ya kwanza 11.9, ya pili 11.8, ya tatu 11.9, ya nne 10.0. Tumerudia ya nne mara tatu, ni ileile.

Fundi_Nyaya
Umemkamata. Tatu zina hali nzuri, ya nne imechoka.

Sasa elewa jambo moja ambalo wengi hawalioni. Kontrola haijui kama kuna betri nne, inaona jumla tu, na inakata ikifika 42. Zile tatu zikiwa bado 12, jumla yake ni 36. Maana yake ya nne inaweza kushushwa mpaka 6 kabla kontrola haijastuka. Kila siku ukienda mbali, nzima tatu zinamburuta mgonjwa mmoja. Ndiyo maana betri za namna hii zikianza kuharibika, kilomita hupungua haraka sana wiki baada ya wiki.

Kaka_Mkwakwani
Si anunue moja mpya abadilishe hiyo ya nne? Mimi nilifanya hivyo kwenye skuta ya dada yangu mwaka jana, na mpaka leo inakwenda.

Fundi_Nyaya
Ninavyofanya mimi ni kubadilisha zote nne, za tarehe moja. Mpya ukiichanganya na kuukuu tatu, chaja inahesabu jumla tu vilevile: kuna itakayojazwa kupita kiasi na kuna itakayobaki na njaa. Nimeona zikivimba mpaka box linapasuka.

Kaka_Mkwakwani
Ya dada yangu haijavimba.

Jirani_wa_Sahare
Inategemea hizo tatu zina umri gani. Kama zimesimama kwenye 11.9 zikivuta, bado zina uhai. Mimi ningetafuta moja iliyotumika yenye hali kama zake, ningeichaji peke yake kwanza ndipo niiunganishe. Ila kuipata hapa Tanga ndiyo kazi.

Mgosi_Mabawa
Kijana kashuka mpaka laki nne. Kanikubalia niijaribu kesho kwenda kazini kabla sijalipa, namwachia kitambulisho. Fundi, nikifika Pongwe niichaji huko?

Fundi_Nyaya
Ndiyo, chukua chaja. Kilomita 14 kwa wati-saa 17 ni 238 hivi, hiyo ni chini ya nusu ya mfuko mpya. Kwa saa nne au tano kazini unarudisha kilichotoka. Lakini kama unataka kujua ukweli wake kabla ya kulipa, kesho usichaji huko. Rudi nayo hivyohivyo, uandike mita inapokata. Pedeli zipo, utafika.

Mgosi_Mabawa
Nimefika nyumbani sasa hivi, miguu inauma. Kwenda ilikuwa safi, taa moja tu ilizima. Kurudi, kilomita ya 17 ikaanza kuvuta kwa kusitasita, ukiachia mkono inapata nguvu, ukivuta inakata. Ya 19 ikazima kabisa, nimepiga pedeli zilizobaki.

Fundi_Nyaya
Fungua box sasa hivi kabla haijapoa. Weka kiganja juu ya kila betri.

Mgosi_Mabawa
Tatu ni vuguvugu. Ya nne ina joto, kiganja kinataka kutoka.

Kaka_Mkwakwani
Mgosi, mwambie laki tatu na nusu.

Mgosi_Mabawa
Nimempigia. Kasema ataongea na mkewe, atanijibu Jumamosi.